Siku 21 baada ya kupandisha: kalenda ya uzazi zizini

ZAWADI: Wasikilizaji wetu, hamjambo. Mimi ni Zawadi, mfugaji wa hapa Njombe. Niko na kaka Bosco, mhimilishaji wa siku nyingi. Leo tunataka kuzungumzia tarehe: mnyama anaingia joto lini, anazaa lini, na hizo tarehe unazipanga vipi ili zikufae.

BOSCO: Shikamooni wakubwa, na wengine wote habari zenu. Dada Zawadi, mimi ningependa tuanze na yule ng'ombe wako wa 2023. Nimekuwa nikiwasimulia wafugaji kisa chake, lakini bora wakisikie kwako.

ZAWADI: Haya. Nina ng'ombe chotara wa maziwa. Tarehe 10 Februari 2023 alihimilishwa. Nikaandika kwenye daftari, nikahesabu siku 283, nikapata tarehe 20 Novemba. Kwa hiyo tarehe 21 Septemba nikaacha kumkamua ili apumzike miezi miwili kabla ya kuzaa, kama tulivyofundishwa. Novemba 20 ikafika, nikakesha zizini. Hakuna kitu. Usiku wa pili, hakuna. Wiki ikapita. Nilikuwa na hofu kweli, nikadhani ndama amefia tumboni.

BOSCO: Nilipokuja kumwona, kiwele kilikuwa bado hakijajaa, na ile mishipa iliyo pande mbili za shina la mkia ilikuwa imekaza. Ng'ombe aliyebakiza siku moja au mbili, pale panalegea na kubonyea. Nikakuambia huyu bado sana.

ZAWADI: Akazaa tarehe 11 Desemba. Na ndama alipotoka, rangi ni ya dume la jirani, tena wazi kabisa! Ndipo kijana anayenisaidia kuchunga akasema, "Mama, mbona yule dume alimpanda kule bondeni mwanzoni mwa Machi." Aliona, lakini hakujua kama ni jambo la kuniambia.

BOSCO: Hesabu yake inakaa sawasawa. Kutoka tarehe 10 Februari ongeza siku 21, unaangukia tarehe 3 Machi. Maana yake mbegu ya Februari haikushika, mzunguko ukarudi, akaingia joto upya, akakutana na dume malishoni. Kutoka 3 Machi ongeza 283, unapata 11 Desemba. Ng'ombe hakuchelewa hata siku moja. Daftari ndilo lililokuwa na tarehe isiyo yake.

ZAWADI: Na hasara yake niliipiga. Nilimkausha siku 21 kabla ya wakati. Alikuwa bado anatoa lita 6 kwa siku. Hizo ni lita 126 ambazo sikuzikamua.

BOSCO: Ndiyo maana mfugaji akiniuliza tarehe ya kuzaa, namwambia kwanza aandike tarehe nyingine iliyo karibu zaidi: siku ya 21 baada ya kupandisha. Mzunguko wa ng'ombe ni siku 21 kwa wastani, lakini mmoja atarudi siku ya 18, mwingine ya 24. Kwa hiyo kuanzia siku ya 18 hadi ya 24 unamwangalia kwa makini.

ZAWADI: Kumwangalia vipi? Maana watu watasema, "Mimi namwona kila siku."

BOSCO: Kumwona wakati wa kukamua hakutoshi, dada. Akiwa anakula pumba hana habari na mengine. Nenda alfajiri kabla ya kazi, nenda jioni baada ya kazi, na ukiweza pitia tena kabla ya kulala. Kaa dakika 20, utulie. Joto la ng'ombe lina saa 12 hadi 18 tu, na la ng'ombe wetu wa asili huwa fupi zaidi. Tena wengi hupandana usiku. Ukienda mara moja kwa siku, linaanza na kwisha hujaliona.

ZAWADI: Na dalili ya kuamini ni ipi?

BOSCO: Asimame akipandwa. Akiwapanda wenzake bado si uhakika, anaweza kuwa anakaribia tu. Lakini mwenzake akimpanda naye akatulia, hakimbii, huyo yuko kwenye joto. Nyingine zinasaidia: ute mwepesi unaovutika kama uzi, kulia ovyo, maziwa kupungua siku hiyo, manyoya ya juu ya mkia kuvurugika. Mwenye ng'ombe mmoja hana mwenzake wa kumpanda, kwa hiyo yeye aangalie zaidi ute na kelele. Ukimwona asubuhi, mhimilishaji aje jioni. Ukimwona jioni, aje kesho asubuhi. Yai linatoka saa kama 10 au 12 baada ya joto kwisha, na mbegu inahitaji kuwa imeshafika kulisubiri.

ZAWADI: Sasa kaka Bosco, tuseme siku ya 21 imepita, sijaona kitu. Nimeshapata mimba?

BOSCO: Una matumaini mazuri, lakini mimba hujaithibitisha. Huenda alirudi usiku. Huenda joto lake lilikuwa la kimya. Mwite mtaalamu ampime kwa mkono kuanzia mwezi wa pili, na mwezi wa tatu ni rahisi zaidi kuwa na uhakika. Na hapa kuna jambo ambalo daftari linakuonyesha. Ng'ombe akirudi siku ya 42, mara nyingi ni mizunguko miwili: ule wa kwanza hukuuona. Lakini akirudi siku ya 30 au 35, tarehe isiyolingana na 21 wala 42, nashuku mimba ilishika kisha ikaharibika mapema. Akiwa mmoja, endelea. Wakiwa watatu wanne kwa msimu mmoja, tafuta daktari wa mifugo, kuna magonjwa yanayofanya hivyo, na mengine huenezwa na dume linalozunguka kijijini.

ZAWADI: Na yule mwenye mimba anayeonyesha joto?

BOSCO: Wapo, ni wachache. Ndiyo maana kama amekaa miezi mitatu kisha akaonyesha joto, nampima kwanza. Nikimhimilisha akiwa na mimba naweza kuitoa.

ZAWADI: Basi tuje kwa nguruwe, maana huku kwetu Krismasi ndiyo soko.

BOSCO: Hapo mzunguko ni ule ule, 21. Mimba ni siku 114. Wazee wa ufugaji wanaikariri hivi: miezi mitatu, wiki tatu na siku tatu. Dada, wewe unauza lini?

ZAWADI: Wachinjaji wanaanza kupita tarehe 20 Desemba. Mimi nguruwe wangu kwa chakula ninachomudu wanafika uzito wa kuuza wakiwa na miezi saba hivi.

BOSCO: Sawa, turudi nyuma. Miezi saba tuichukue kuwa siku 210. Kutoka 20 Desemba unarudi hadi 24 Mei, hiyo ndiyo siku ya kuzaliwa. Toa 114, unafika tarehe 30 Januari. Siku hiyo jike awe amepandwa.

ZAWADI: Na mimi nilikuwa nadhani nikianza kufikiria Krismasi mwezi wa tatu nimewahi!

BOSCO: Ukipandisha mwishoni mwa Machi, watoto wanazaliwa Julai. Desemba wana miezi mitano, wembamba. Lakini nguruwe ana jambo zuri ambalo ng'ombe hana: siku ya kuachisha watoto kunyonya ndiyo inayoamua joto. Jike mwenye afya, ukimtenga na watoto leo, ataingia joto kati ya siku ya 4 na ya 7. Kwa hiyo kwa hesabu ya 30 Januari, watoto wa uzao uliotangulia uwaachishe karibu na tarehe 25 Januari. Ukiwa na majike watatu ukawaachisha siku moja, watazaa karibu pamoja, na jike aliyezaa wengi kuliko chuchu zake unaweza kumhamishia mwenzake wawili watatu.

ZAWADI: Mimi nilikuwa na jike mmoja hakuingia hata siku ya 10.

BOSCO: Alikuwaje mwili wake?

ZAWADI: Mbavu zilikuwa zinahesabika. Alinyonyesha 11.

BOSCO: Jibu ndilo hilo. Aliyekonda sana wakati wa kunyonyesha huchelewa. Huyo anahitaji kulishwa vizuri angali ananyonyesha, maana ukingoja baada ya kuachisha umeshachelewa. Na kumjua kama yuko tayari, mbonyeze mgongoni kwa viganja vyote viwili, ukiwa na dume karibu anayemnusa. Akiganda kama gogo na masikio yakasimama, mpandishe, kisha rudia baada ya saa 12 hadi 24, kwa sababu joto lake linadumu siku mbili hadi tatu.

ZAWADI: Nina shemeji yangu Kongwa, yeye ni mbuzi na kondoo wamechanganyika. Kule mvua ni Desemba mpaka Aprili. Anasema vitoto vyake vinakufa sana Oktoba.

BOSCO: Kwa sababu dume anaishi na kundi mwaka mzima, basi wanazaa wakati wowote, hata majani yakiwa yamekwisha. Ashauriwe kumtenga beberu, au amfunge ngozi ya kuzuia tumboni kama Wamasai wanavyofanya, ile inayoitwa olor. Mbuzi mzunguko wake ni siku 21, mimba siku 150. Mimi ningemwachia beberu tarehe 15 Septemba. Wa kwanza watazaa karibu na 12 Februari.

ZAWADI: Kwa nini si Agosti, wazaliwe Januari majani yanapoanza?

BOSCO: Wengi hupanga hivyo, na nawaelewa. Lakini mtoto tumboni hukua zaidi kwenye wiki 6 hadi 8 za mwisho. Ukipandisha mwanzoni mwa Agosti, wiki hizo zinaangukia Novemba na Desemba, njaa imeshika kabisa, na mama anazaa kitoto dhaifu asiwe na maziwa. Ukipandisha katikati ya Septemba, wiki hizo zinaanza mvua ikiwa imeshashika. Gharama yake ni minyoo, kwa kuwa vitoto vinakulia kwenye unyevu, hivyo banda liwe kavu na dawa ziwe tayari. Na wiki mbili tatu kabla ya 15 Septemba awape majike chakula cha ziada, maganda ya migunga aliyookota yanatosha kusaidia, ili wapate joto kwa pamoja.

ZAWADI: Beberu akae muda gani?

BOSCO: Mizunguko miwili, siku 42. Amtoe tarehe 27 Oktoba. Wa mwisho atazaa karibu na 26 Machi. Atakayebaki bila mimba baada ya nafasi mbili, huyo amwekee alama, msimu ujao akirudia amuuze.

ZAWADI: Na kondoo afuate hesabu hiyo hiyo?

BOSCO: Mimba yake inakaribiana, siku 147. Lakini mzunguko ni siku 17, si 21, na hapo ndipo wengi wanakosea kwenye kundi la mchanganyiko. Akimngoja kondoo siku ya 21, alisharudi siku nne nyuma. Dume la kondoo limtoshe siku 34 hadi 36.

ZAWADI: Kabla hatujafunga, nipe ile njia yako ya haraka ya ng'ombe, ya bila kuhesabu vidole.

BOSCO: Rudi nyuma miezi mitatu, kisha ongeza siku 10. Amepandwa 10 Februari: rudi miezi mitatu, 10 Novemba, ongeza 10, ni 20 Novemba. Inaweza kukosea siku mbili tatu kwa sababu miezi hailingani. Ile ya 3 Machi itakupa 13 Desemba badala ya 11. Kwa ng'ombe wa asili mwenye nundu ongeza wiki nzima tena, maana huyo hubeba muda mrefu zaidi, siku 290 hivi.

ZAWADI: Mimi sasa nimebandika kalenda ya ukutani kwenye mlango wa stoo. Kila akipandwa naweka alama tatu: siku yenyewe, siku ya 21, na siku ya kukausha. Na ile kalamu nimeifunga kwa uzi pale pale, kijana akiona jambo huko bondeni aandike kabla hajavua viatu.