Nailoni ya ukutani ikae upande wa joto

Ndugu mafundi, leo tuchukue ukuta mmoja tu: wa chumba chenye kiyoyozi, Dar es Salaam.

Tuseme nje ni nyuzi 32 na unyevu wa hewa ni asilimia 75. Hewa ya namna hiyo ikigusa kitu chenye nyuzi 27 au pungufu, mvuke wake hugeuka maji, kama mnavyoona chupa ya soda baridi ikitoka jasho. Ndani kiyoyozi kimewekwa nyuzi 22. Ukuta wenyewe, kuanzia nje, una plasta, tofali za saruji, papi za mbao zilizojazwa pamba ya kioo ya milimita 50, kisha ubao wa jipsamu.

Fundi ametazama mchoro wa Kanada, akabandika nailoni nyuma ya jipsamu. Kule ni sawa, maana wakati wa baridi joto na mvuke viko ndani ya nyumba, na nailoni huuzuia mvuke kabla haujafika penye baridi. Kwetu mvuke unatoka nje. Unapenya plasta na tofali, unapita katika pamba bila kizuizi, unagota kwenye nailoni yenye nyuzi kama 23. Hapo unakuwa maji, na maji hayo hayana pa kwenda: upande wa chumba nailoni imeyafungia, upande wa nje mvuke mwingine unaendelea kuingia.

Ubaya wake ni kwamba jipsamu hubaki kavu, mwenye nyumba haoni kitu. Maji hutiririka hadi papi ya chini kabisa, ndiyo huoza kwanza. Pamba iliyolowa haizuii joto tena. Baadaye sana ndipo harufu ya uvundo hutoka kwenye soketi na skatingi huvimba. Ukishuku, kata tundu la sentimita 10 karibu na sakafu: nailoni ikiwa imelowa upande wa nje na kavu upande wa chumba, umepata jibu.

Basi nailoni iguse tofali, pamba ije ndani yake. Subirini plasta na tofali zikauke kwanza. Tumieni nene, ya milimita 0.15, maungio yapandane sentimita 15 na kufungwa kwa utepe. Kila tundu la waya lizibwe, kwa sababu hewa inayopenya tundu dogo hubeba mvuke mwingi. Jipsamu ipakwe rangi ya maji, si ya mafuta, wala isibandikwe karatasi ya plastiki ya kupambia ukuta. Karatasi hiyo peke yake ni nailoni ya pili, na unyevu wowote ulioingia katikati utanaswa. Nawasihi sana hapo, kwa kuwa mara nyingi huwekwa miaka baadaye na mtu asiyejua ukuta una nini.

Nairobi, nyumba isiyo na kiyoyozi, tofauti ya ndani na nje ni ndogo. Huko msiweke nailoni ukutani kabisa. Acheni ukuta ukauke pande zote mbili.