Proforma Imefika, Ankara ya Kodi Bado

Zawadi: Karibuni tena. Leo tuna karatasi moja tu mezani: proforma, hati ya bei na masharti ambayo muuzaji hutoa kabla ya ankara yenyewe. Muuzaji ameituma, anataka nusu ya fedha kabla hajapakia mzigo, na mtu wa malipo anatakiwa aigeuze kuwa ombi la malipo. Kaka Hamisi, hati kama hizi zinapita mikononi mwako kila wiki. Unaanzia wapi?

Hamisi: Kabla sijagusa tarakimu yoyote, naisoma yote nione yenyewe inasema ni hati gani. Kichwa cha juu hakitoshi, dada. Wapo wauzaji ambao mfumo wao unachapa "ANKARA" kwa herufi kubwa juu, halafu mwisho wa ukurasa wa pili, kwa herufi ndogo, imeandikwa: "Hii ni proforma, si ankara ya kodi." Nikiikuta sentensi hiyo, naihamisha kwenye kumbukumbu neno kwa neno, na namba ya ukurasa naiandika.

Zawadi: Kwa nini neno kwa neno? Si unaweka alama tu kwamba ni proforma?

Hamisi: Alama inaonyesha nilichoamua, haionyeshi nilichokiona. Mkaguzi akija baadaye kuuliza kwa nini kodi iliyo kwenye karatasi hatukuidai serikalini, jibu liko pale pale, kwa maneno ya muuzaji mwenyewe.

Zawadi: Na hati isiyosema lolote? Haijaandikwa proforma, wala ankara ya kodi.

Hamisi: Hapo naangalia yale ambayo sheria ya kodi ya nchi husika inadai kwenye ankara ya kodi: kwa kawaida namba ya usajili wa kodi ya muuzaji, namba ya ankara iliyo kwenye mfululizo wake, tarehe, na kodi iliyoonyeshwa peke yake. Mahali penye mashine au mfumo wa serikali wa kuthibitisha ankara, natafuta na alama ya uthibitisho huo. Kikikosekana kimoja, naandika kwamba hali ya hati haijathibitishwa, na naishughulikia kama si hati ya kodi mpaka muuzaji ajibu. Ombi la malipo linaweza kuendelea, ila dai la kodi linasubiri.

Zawadi: Tuchukue mfano, msikilizaji afuate hatua kwa hatua.

Hamisi: Sawa. Proforma namba PF-0317. Pampu 4, kila moja 1,200, hiyo ni 4,800. Kufunga na kujaribu, 600. Jumla kabla ya kodi 5,400. Tuseme kodi ya ongezeko la thamani ni asilimia 10, kwa hiyo 540. Jumla kuu 5,940. Chini kuna masharti: asilimia 50 ilipwe kabla, na bei itadumu siku 30.

Zawadi: Kwa hiyo ombi la malipo ni 2,970.

Hamisi: Ndiyo, 2,970, na hapo ndipo makosa ya kwanza yanapoingia. Mtu mwenye haraka anaihamisha jumla kuu kwenye kisanduku cha kiasi cha kulipa, kwa kuwa ndiyo tarakimu iliyokolezwa wino. Jumla ya hati na kiasi kinachoombwa ni vitu viwili, na kila kimoja kiwe na kisanduku chake. Kosa la pili liko kwenye tarehe. Zile siku 30 ni uhai wa bei, si muda wa kulipa. Ukiziandika kama tarehe ya mwisho ya malipo, mfumo utaanza kuonya kwamba deni limechelewa, na deni halipo. Proforma haimdai mtu. Muuzaji anasema tu, ukikubali, haya ndiyo masharti.

Zawadi: Tutaiweka rekodi yenyewe kwenye maandishi ya kipindi, kwa walio karibu na kompyuta.

```json
{
  "namba_ya_hati": "PF-0317",
  "aina_ya_hati": "325",
  "ni_hati_ya_kodi": false,
  "ushahidi": "Hii ni proforma, si ankara ya kodi",
  "ukurasa": 2,
  "jumla_ya_hati": 5940,
  "kodi_iliyotajwa": 540,
  "kodi_ya_kudai": null,
  "kiasi_kinachoombwa": 2970,
  "ankara_ya_kodi": null
}
```

Zawadi: Hiyo 325 ni nini?

Hamisi: Ni namba ya aina ya hati katika orodha ya Umoja wa Mataifa, ile ya 1001, inayotumika kwenye hati za kielektroniki. Humo 325 ni proforma, 380 ni ankara ya biashara, 386 ni ankara ya malipo ya awali, na 388 ni ankara ya kodi. Naipenda kwa sababu mifumo miwili isiyojuana inaweza kuelewana. Ila si lazima. Anayetumia jedwali la kawaida aandike "proforma" na inatosha, mradi kisanduku cha hati ya kodi kiwe peke yake.

Zawadi: Umeweka kodi mara mbili. Kodi iliyotajwa 540, halafu kodi ya kudai ni `null`. Kwa nini usiweke sifuri?

Hamisi: Sifuri ni jibu. Inasema ankara ya kodi imekuja, tumeiangalia, haina kodi tunayoweza kuidai. Pengine bidhaa zimesamehewa. Hapa jibu halijapatikana. `null` inasema bado tunangoja. Ukizichanganya hizi mbili, siku unapotafuta malipo yote yanayongoja ankara ya kodi, haya ya kwetu hayatatokea kwenye orodha, na haki ya kudai kodi inaweza kupotea kimya kimya, maana sheria nyingi zina ukomo wa muda wa kudai.

Zawadi: Na kwa nini uihifadhi hiyo 540 kabisa, kama haidaiwi?

Hamisi: Bajeti inaihitaji, na nitaihitaji kulinganisha ankara ya kweli ikija. Hatari iko kwenye jina tu. Kisanduku kikiitwa "kodi" bila maelezo, mtu anayeandaa ritani ya mwezi atajumlisha safu nzima na 540 itaingia. Kwa nchi nyingi, kudai kodi ya manunuzi kwa kutumia proforma kunakataliwa, na mara nyingi faini na riba hufuata.

Zawadi: Kabla fedha hazijatoka, namba ya akaunti ya benki unaihamisha kutoka kwenye proforma?

Hamisi: Naisoma, lakini silipi kwa kuifuata. Nailinganisha na ile iliyo kwenye kumbukumbu za muuzaji. Zikitofautiana, ombi linasimama, na mtu anapiga simu kwa namba tuliyokuwa nayo zamani, si ile iliyo kwenye hati hiyo. Proforma ni rahisi sana kughushi.

Zawadi: Tumelipa 2,970. Kwenye vitabu inakwenda wapi?

Hamisi: Yote kwenye malipo ya awali kwa muuzaji. Benki inapungua 2,970, malipo ya awali yanaongezeka 2,970. Usiigawe kuwa gharama na kodi. Kwa sasa muuzaji ndiye anayetudai? Hapana, sisi ndio tunaomdai, mzigo au fedha.

Zawadi: Sasa ankara ya kodi inakuja.

Hamisi: Inakuja INV-0891, na haifanani kabisa na proforma. Usafiri umeongezwa 100, kwa hiyo 5,500 kabla ya kodi, kodi 550, jumla 6,050. Namba ni nyingine, kiasi ni kingine. Mfumo unaozuia malipo ya mara mbili kwa kulinganisha namba na kiasi hautaona chochote, na utaandaa malipo ya 6,050 nzima. Hapa ndipo ile nafasi tupu, `ankara_ya_kodi`, inapofanya kazi. Unaandika humo INV-0891, na kwenye rekodi ya INV-0891 unaandika PF-0317. Kinachobaki kulipwa ni 6,050 kutoa 2,970, yaani 3,080.

Zawadi: Rekodi ya zamani unaibadilisha kuwa ankara ya kodi?

Hamisi: Kamwe! Hilo nalishikilia sana. PF-0317 haikuwa hati ya kodi siku ile na haitakuwa. Ukiifuta `false` ukaandika `true`, umepoteza sababu iliyofanya malipo ya kwanza yaende kama malipo ya awali, na faili lililoambatishwa litabaki likipingana na rekodi. Ankara ya kodi inapata rekodi yake, na kiungo kinaziunganisha.

Zawadi: Lakini kuna nchi ambako kupokea fedha kabla ya mzigo tayari kunazaa kodi kwa muuzaji.

Hamisi: Zipo nyingi, na hapo watu wengi hukosea kwa upande mwingine. Wanafikiri kwa kuwa malipo yamezaa kodi, basi proforma imegeuka kuwa ankara. Haijageuka. Muuzaji anatakiwa atoe hati nyingine, ankara ya malipo ya awali. Kwa mfano wetu, 2,970 ina kodi ndani yake. Gawanya kwa 11, unapata 270. Ankara hiyo itasema 2,700 na kodi 270, na 270 ndiyo ya kudai, si 540.

Zawadi: Halafu ankara ya mwisho?

Hamisi: Iondoe kilichokwisha tozwa. 5,500 kutoa 2,700 ni 2,800, kodi yake 280, jumla 3,080. Ukiongeza 270 na 280 unapata 550, na 2,970 na 3,080 unapata 6,050. Hesabu inafunga. Ankara ya mwisho ikija na kodi 550 nzima wakati 270 umeshaidai, usiiingize. Irudishe kwa muuzaji airekebishe, la sivyo utakuwa umedai 820 kwa mzigo wenye kodi ya 550.

Zawadi: Kwa hiyo rekodi moja ya proforma inaweza kuwa na ankara mbili nyuma yake.

Hamisi: Au zaidi, mzigo ukija kwa awamu. Ndiyo maana kwenye mfumo mkubwa `ankara_ya_kodi` iwe orodha, si thamani moja.

Zawadi: Unajuaje kwamba ankara imesahauliwa?

Hamisi: Kila wiki natoa orodha ya malipo yaliyokwisha toka, ambayo `ni_hati_ya_kodi` ni `false` na kiungo ni kitupu. Naipanga kwa tarehe ya malipo, ya zamani juu. Kisha naitazama na hati ya kupokelea mzigo. Mzigo ukiwa umefika na ankara haipo, huyo muuzaji nampigia siku hiyo hiyo. Mzigo ukiwa haujafika, namuuliza mwenye oda kwanza.

Zawadi: Na oda ikifutwa, bei imekwisha muda, muuzaji anarudisha fedha?

Hamisi: Kama hakuna ankara ya kodi iliyotolewa, ni kazi fupi: benki inaongezeka 2,970, malipo ya awali yanapungua 2,970, na rekodi ya PF-0317 inafungwa kwa sababu "oda imefutwa". Hati ya kupunguza deni haihitajiki, kwa kuwa hakuna kodi ya kupunguza. Lakini kama ile ankara ya malipo ya awali yenye kodi 270 ilishatoka, fedha kurudi peke yake hakutoshi. Muuzaji atoe hati ya kupunguza kwa 2,700 na 270, nasi tuirudishe 270 tuliyodai.

Zawadi: Na `kodi_ya_kudai` kwenye PF-0317?

Hamisi: Inabaki `null`. Kodi iliyodaiwa na iliyorudishwa inasomwa kwenye rekodi za ankara na hati ya kupunguza, na zote zina kiungo cha kurudi PF-0317.