Trela lako lina breki? Mhadhara kwa wenye boti na wafugaji, Jinja

Wazee wetu, akina mama, vijana wa gereji, shikamooni na karibuni. Kabla sijaanza, nyoosheni mikono wenye trela. Vizuri. Sasa wale ambao trela zao zina breki zinazofanya kazi, acheni mikono juu. Naona miwili. Basi leo nitazungumza na ninyi mlioshusha.

Mtu akitaka gari la kuvuta trela huuliza, "Fundi, hili linavuta kilo ngapi?" Kwenye karatasi za gari hakuna jibu moja, yako mawili. Kubwa ni la trela lenye breki zake, na dogo ni la trela lisilo na breki. Muuzaji atakutajia lile kubwa. Ukivuta trela lililochomelewa hapa mtaani kwa ekseli ya gari kuukuu, halina hata kebo ya breki, hiyo namba kubwa haikuhusu hata kidogo. Ulaya trela lisilo na breki halizidi kilo 750, na Uingereza lisizidi pia nusu ya uzito wa gari tupu, ile iliyo ndogo kati ya hizo mbili.

Nitawapa kisa. Mteja wangu mmoja hapa Jinja alikuwa na boti ya kutembeza wageni, akataka kuipeleka Ziwa Bunyonyi, kule Kabale. Alikuwa amepata wagoni ya petroli, bei nzuri, na aliambiwa inavuta kilo 1,500. Boti, injini, jaketi za kuokolea na trela lenyewe alikadiria kilo 800. Nikamwambia tusikadirie. Tulilipeleka kwenye mzani wa ghala la mahindi, likasoma 1,000 kamili. Kilo 200 alizozisahau zilikuwa mafuta, kamba, nanga na mbao za sakafu aliyoongeza mwenyewe.

Tukafungua mlango wa dereva kutazama kibati. Bahati yake gari lilikuwa limetengenezwa kwa soko la Ulaya, kwa hiyo kibati kilikuwa na mistari minne:

```
2050 kg
3400 kg
1- 1030 kg
2- 1080 kg
```

Mstari wa kwanza ni uzito wa juu wa gari lenyewe, likiwa na watu na mizigo. Wa pili ni gari na trela vikiwa pamoja. Miwili ya chini ni ya ekseli ya mbele na ya nyuma. Sasa toeni 2,050 kwenye 3,400. Inabaki 1,350. Kwa hiyo gari likijaa watu, zile 1,500 za muuzaji hazipo tena. Ukizitaka, lazima upunguze ndani ya gari.

Wengi wenu mna magari yaliyotumika kutoka Japani. Kibati chake kwa kawaida kina namba ya modeli, injini na rangi, lakini uzito hakisemi. Msichukue namba ya gari linalofanana nalo lililouzwa Australia mkaliamini. Umbo linaweza kuwa moja, lakini gia, rejeta na springi zikawa tofauti. Mimi gari la namna hiyo nalihesabu kwa kanuni ya trela lisilo na breki, mpaka mtu anionyeshe karatasi.

Halafu kuna urefu kutoka usawa wa bahari. Vitabu vingi vya magari ya Ulaya vinasema kila mita 1,000 za kupanda, punguza asilimia 10 ya ule uzito wa pamoja, kwa sababu hewa ni nyepesi na injini inapumua vibaya. Jinja tuko kwenye mita 1,100 na kitu. Bunyonyi maji yenyewe yako karibu mita 1,960. Ondoa asilimia 20 kwenye 3,400, inabaki 2,720. Gari likiwa limejaa, trela linabaki na kilo 670 tu. Injini ya dizeli yenye turbo haiteseki sana kama ya petroli ya kawaida, lakini fuata kitabu cha gari lako.

Lakini hiyo yote ni habari ya kuvuta. Gari lililozidiwa mlimani litakuaibisha, litachemsha, utasimama kando uwekewe mawe nyuma ya tairi. Kushindwa kusimama ndiko kunakoua, na hapo ndipo nataka tukae kidogo.

Chukueni gari la kilo 2,000 likiwa peke yake, breki nzuri, lami kavu. Tuseme linapunguza mwendo kwa mita 7 kwa sekunde, kila sekunde. Kutoka kilomita 80 kwa saa litasimama ndani ya mita 35 tangu breki zishike. Sasa fungeni nyuma yake trela la kilo 1,000 lisilo na breki. Breki ni zile zile, ila zinasimamisha kilo 3,000. Zidisha 7 kwa 2,000, gawanya kwa 3,000, unapata 4.7. Kanuni za Umoja wa Mataifa za breki za magari madogo hutumia hesabu hii hii, na zinataka jibu lisishuke chini ya 5.4. Kwa gari letu, trela lisilo na breki linaishia kama kilo 590.

Na hilo la kilo 1,000? Litasimama kwa mita 53. Likiwa na breki zinazobeba nusu ya uzito wake, ambacho ndicho kipimo cha kanuni hizo, litasimama kwa mita 39. Mtasema mita 14 ni nini. Pale ambapo lenye breki limesimama, lisilo na breki bado linakwenda kilomita 40 kwa saa. Wekeni ng'ombe mahali pale. Au mtoto.

Breki za trela dogo mara nyingi ni za kusukumwa. Gari likipunguza mwendo, trela linalisukuma, kichwa chake kinaingia ndani kidogo, kinavuta fimbo na kebo, na viatu vinabana drami. Hazina umeme wala mafuta ya breki. Adui yake ni kutu, na trela la boti huzamishwa majini kila safari. Kichwa kikiganda hakiingii, na ukiwa dereva utahisi unapigwa kiunoni kila ukikanyaga breki. Kipimo kingine ni cha mkono: endesha kilomita chache, kanyaga breki mara kadhaa, simama, sogeza kiganja karibu na drami, usiguse haraka. Zote mbili zikiwa na joto la kawaida, sawa. Zote zikiwa baridi, hazishiki. Moja ikichoma peke yake, imekwama.

Mama mmoja hapa ameuliza kama suluhisho ni kununua pikapu kubwa. Pikapu nzito inasaidia, maana sehemu ya uzito isiyo na breki inakuwa ndogo. Ila mwenye boti sikumwambia auze. Tulimwekea ekseli yenye breki, na waya wa usalama unaovuta breki ya mkono trela likichomoka. Wagoni alibaki nayo, ila akawa anaiendesha yeye na kijana wake tu, kilo 1,700 kwa mzani. Jumla 2,700, chini ya zile 2,720. Wageni wanapanda basi hadi Kabale.

Karibuni nje, trela lake liko uani. Tutalipasha drami.