Toleo Si Chapa: Kumpatia Mtoto Kitabu Sahihi Muhtasari Unapobadilika

Ndugu wazazi, walimu wangu, na ninyi vijana mliobanana kule mlangoni: wakubwa shikamooni, wadogo hamjambo.

Nimeuza vitabu vya shule miaka mingi, vipya dukani na vilivyotumika mezani, na naona ni haki nianze na kosa langu mwenyewe. Shule moja iliniagiza vitabu 30 vya sayansi vya darasa la sita. Muhtasari wa somo ulikuwa umebadilika, mwalimu akanisisitizia, "Tunataka kile kipya." Nikaagiza. Vikaja vimefungwa kwenye karatasi, vinanukia wino. Nikafungua kimoja, nikatafuta mwaka, nikakuta ni wa mwaka uliotangulia tu. Nikaridhika, nikavipeleka.

Baada ya siku tatu mwalimu akarudi na nakala moja kwapani. Aliwaambia watoto wafungue ukurasa wa 84, wenye vitabu vyao wakakuta zoezi la sumaku, wenye vitabu vyangu wakakuta picha ya mmea. Jina la kitabu lile lile, waandishi wale wale, mchapishaji yule yule. Nilikuwa nimeleta vitabu vipya vya toleo la zamani.

Hapo ndipo wengi tunapokwama, kwa hiyo nitakaa hapo kidogo. Kuna toleo, na kuna chapa. Toleo linabadilika pale maneno ya ndani yanapobadilika: sura zinaongezwa, nyingine zinaondolewa, mazoezi yanaandikwa upya. Chapa ni mtambo kuwashwa tena ili kutoa nakala nyingine za maneno yale yale. Kitabu kinaweza kuwa na toleo moja na chapa kumi, na kila chapa ikaja na mwaka wake. Ukitafuta mwaka ulio karibu zaidi na leo, unachokipata ni umri wa karatasi. Umri wa masomo yaliyomo hujaujua bado.

Fungueni kitabu chochote mlichonacho hapo. Nyuma ya ukurasa wenye jina la kitabu kuna ukurasa wenye maandishi madogo, ule ambao hakuna anayeusoma. Ndio ukurasa wa hakimiliki. Nimeandika ubaoni mfano wa nakala mbili. Ya kwanza ni safi, jalada linang'aa, na ndani imeandikwa: "Toleo la kwanza 2012. Kimechapishwa tena 2013, 2015, 2018, 2022." Ya pili imechakaa, kona zimejikunja, kuna jina la mtoto kwa kalamu ya wino, na ndani imeandikwa: "Toleo la kwanza 2012. Toleo la pili 2019." Tuseme muhtasari mpya ulianza kufundishwa darasa hilo mwaka 2019. Mtanunua ipi?

Naona mama pale mbele ananyooshea ile iliyochakaa. Sawasawa. Ile safi ina karatasi ya mwaka 2022 na masomo ya mwaka 2012. Mtauliza, mchapishaji anachapaje toleo la zamani wakati jipya lipo? Anachapa mradi wanunuzi wapo. Muhtasari mara nyingi hauingii madarasa yote kwa siku moja, na kuna wanaorudia mtihani kwa muhtasari wa zamani. Si lazima kuwe na ujanja wowote.

Vitabu vingine havisemi "kimechapishwa tena" kwa maneno. Vinaweka mstari wa namba tu, kama 10 9 8 7 6 5 4 3 2 1, na kila chapa inapotoka namba moja inafutwa. Ile ndogo kuliko zote iliyobaki ndiyo namba ya chapa. Mkikuta mstari unaoishia na 4, hiyo ni chapa ya nne, wala msidhani ni toleo la nne. Nimewahi kumsikia muuzaji mwenzangu akimwapia mteja hivyo, na nadhani mwenyewe aliamini.

Sasa ISBN. Hii ndiyo namba iliyo chini ya jalada la nyuma pamoja na msimbo pau, na pia kwenye ukurasa wa hakimiliki. Kanuni yake inatusaidia sana: toleo jipya hupewa ISBN mpya, lakini chapa mpya ya maneno yale yale hubaki na ISBN ile ile. Kwa hiyo orodha ya shule ikitaja ISBN, kazi imekwisha: mnalinganisha namba tu. Ikitaja jina na darasa peke yake, mwombeni mwalimu asome namba kwenye nakala yake ya mezani. Ni dakika moja.

Lakini linganisheni mkianzia mkiani. Tarakimu za mwanzo hazitofautishi matoleo, kwa sababu zinaonyesha eneo au lugha, kisha mchapishaji. Matoleo mawili ya kitabu kimoja kutoka kwa mchapishaji mmoja yanaweza kufanana tarakimu nyingi za mwanzo, yakaachana karibu na mwisho. Mtu anasoma nusu ya kwanza, anaona zimefanana, analipa.

Kuna mtego mmoja wa kinyume chake, ambapo namba hazifanani na kumbe kitabu ni kile kile. Hadi mwisho wa mwaka 2006 ISBN ilikuwa na tarakimu 10. Kuanzia Januari 2007 zikawa 13, na zile za zamani zikaongezewa 978 mbele. Tarakimu ya mwisho ni ya kuhakiki, inakokotolewa kutokana na zile zinazoitangulia, kwa hiyo kwa kawaida nayo ikabadilika. Tazameni ubaoni: 0-306-40615-2 na 978-0-306-40615-7 ni namba za kitabu kimoja. Ukiondoa 978 na tarakimu ya mwisho, vilivyobaki katikati ni sawa. Kwa vitabu vilivyotumika, vyenye umri mkubwa, hili hutokea.

Tukifika kwenye meza za vitabu vilivyotumika, nitawaonyesha jambo moja kwa karibu. Kitabu kinaweza kuwa na jalada la toleo la pili na tumbo la toleo la kwanza. Majalada hung'oka. Fundi anayekarabati vitabu ana rundo la majalada na rundo la matumbo, anaunganisha vinavyolingana kwa macho. Wengine hufanya hivyo wakijua kabisa wanachokifanya. Kukitambua si kazi: soma ISBN ya jalada la nyuma, kisha fungua ukurasa wa hakimiliki usome ya ndani. Zikipishana, rudisha kitabu mezani. Ukikuta ukurasa wa hakimiliki umechanwa, na jalada lina kibandiko cha bei juu ya msimbo pau, omba kibandiko kibanduliwe. Muuzaji akisita, kitabu kingine kipo. Na bado namba zikilingana, angalia ukurasa wa yaliyomo: sura ya mwisho imeandikwa inaanzia ukurasa gani? Nenda huko. Usipoikuta hapo, kurasa zimepotea, au ukurasa wa yaliyomo umetoka kwenye kitabu kingine.

Mnaonunua kwa simu, picha ya jalada haitoshi, maana matoleo mawili yanaweza kuvaa jalada lile lile. Ombeni picha tatu: ukurasa wa hakimiliki, ukurasa wa yaliyomo, na ukurasa mmoja wa katikati ambao mmekwisha kuuona kwenye nakala ya mwalimu. Mimi huomba ule wa 84, mnajua kwa nini. Picha zichukuliwe kwenye nakala utakayopelekewa, si nakala nyingine iliyokuwa dukani.

Kuna jambo moja la kuuliza shuleni kabla hata ya kwenda dukani: darasa hili, mwaka huu, linafuata muhtasari wa mwaka gani? Msiulize "muhtasari mpya umetoka?" kwa sababu jibu linaweza kuwa ndiyo, na bado mtoto wako yumo kwenye ule wa zamani. Muhtasari ukiingia kwa awamu, mdogo wa darasa la tano anaweza kuwa kwenye mpya na kaka yake wa darasa la saba akamalizia wa zamani. Mzazi mwenye watoto wawili hapo ndipo anapoumia, maana alizoea kitabu cha mkubwa kumshukia mdogo.

Na mada huhama darasa. Kitabu changu kile cha sayansi, nilipokaa na mwalimu tukakilinganisha na muhtasari, tulikuta sura nane kati ya kumi zipo kwenye matoleo yote mawili, ingawa kwa mpangilio tofauti. Sura ya umeme ilikuwa imehamishiwa darasa la saba, na nyingine moja ilikuwa imefutwa. Mahali pake paliingia sura mbili ambazo kwangu hazikuwemo kabisa. Tulifanya hivyo kwa kalamu ya risasi, tukitia alama kila mada ya muhtasari iliyopatikana kwenye yaliyomo. Hata nusu saa haikufika. Hesabu ya namna hiyo ndiyo itakayokuambia kama toleo la zamani linafaa kukaa nyumbani kwa kujisomea. Darasani halifai, hata kama mada zote zimo, kwa sababu mwalimu anataja kurasa na namba za mazoezi.

Vile vitabu 30? Mchapishaji alikubali kuvipokea vile ambavyo havikuwa vimeandikwa majina. Vinne vilikuwa vimeshaandikwa. Hivyo nililipa mwenyewe, na kimoja bado ninacho dukani.

Maswali. Baba mwenye koti la kijani, karibu.

Anauliza: kitabu kimeandikwa "kimechapishwa tena pamoja na masahihisho", je, hilo ni toleo jipya? Kwa kawaida hapana. Ni makosa ya chapa na majibu ya hesabu yaliyorekebishwa, kurasa zinabaki mahali pake, na ISBN mara nyingi haibadiliki. Nunua bila hofu, ila majibu ya mwisho wa kitabu yakipishana na ya rafiki wa mtoto, usiamue kwamba mtoto kakosea.

Na wewe binti? Anasema anarudia mtihani, na duka limemwambia toleo lake limekwisha kabisa. Kwanza kauliza unakosajiliwa, huo mtihani utatungwa kwa muhtasari upi, kwa kuwa wa zamani huwa na mwaka wa mwisho. Ukiwa bado ni wa zamani, achana na maduka. Nenda kwenye meza za vitabu vilivyotumika ukiwa na ISBN kwenye karatasi, uende mara tu mwaka wa shule unapokwisha, kabla wauzaji hawajavitoa vya zamani kufungia bidhaa.