Mayai matano, umri tofauti: kuhesabu vifaranga pale uwezekano usipolingana

Mabibi na mabwana, tuanze na mashine ya kutotoleshea vifaranga. Yai la kuku huatamiwa kwa takriban siku 21, lakini mayai hayaingii mashineni yakiwa sawa. Lililotagwa juzi lina nafasi nzuri, na lililokaa dukani zaidi ya wiki moja huanza kupoteza nguvu. Tuchukue mayai matano yenye umri tofauti, na tuseme, kwa ajili ya hesabu, kwamba uwezekano wa kila moja kutoa kifaranga ni 0.9, 0.8, 0.7, 0.6 na 0.5. Tutapata vifaranga wangapi?

Mgawanyo wa binomia haututoshi hapa, maana unadai majaribio yote yawe na uwezekano mmoja. Tunaouhitaji huitwa Poisson-binomia, kwa jina la Mfaransa Siméon Denis Poisson, aliyeandika mwaka 1837 juu ya majaribio ya namna hii. Msiuchanganye na mgawanyo wa Poisson wa kawaida, ambao ni kitu kingine.

Kuupata kwa mkono si kazi ngumu, ila usianze kwa kuorodhesha kila mchanganyiko. Mayai matano yana michanganyiko 32, lakini mayai 20 yana zaidi ya milioni moja. Ongeza yai moja moja. Kwa yai la kwanza, uwezekano wa kukosa kifaranga ni 0.1, na wa kupata mmoja ni 0.9. Likija la pili, kifaranga mmoja tu hupatikana kwa njia mbili. Ama la kwanza lilikosa na la pili likatoa, 0.1 × 0.8, ama la kwanza lilitoa na la pili likakosa, 0.9 × 0.2. Jumla ni 0.26. Vifaranga wawili ni 0.72, na kukosa kabisa ni 0.02. Endelea hivyo hadi yai la tano, na kila hatua hakikisha jumla ni 1. Isipokuwa 1, kosa liko katika hatua hiyohiyo. Mwishoni utapata kuwa vifaranga wanne ndio wenye nafasi kubwa zaidi, 0.3714, watatu wakifuata kwa 0.3274. Wote watano ni 0.1512.

Wastani hauhitaji jedwali hilo. Jumlisha tu uwezekano wote: vifaranga 3.5. Varianzi, yaani kipimo cha jinsi matokeo yanavyotawanyika, ni jumla ya p(1 − p) ya kila yai, p ikiwa uwezekano wa yai hilo: 0.09 + 0.16 + 0.21 + 0.24 + 0.25 = 0.95.

Hapa ndipo wengi hukwama. Mtu huchukua wastani wa uwezekano, 0.7, akautia kwenye fomula ya binomia, akapata 5 × 0.7 × 0.3 = 1.05. Wastani wake uko sahihi, varianzi imezidi. Kwa kawaida tungetarajia mayai yanayotofautiana yatawanyishe matokeo zaidi, kumbe ni kinyume. Yai la 0.9 karibu linajulikana litafanya nini, kwa hiyo linaleta mashaka machache. Tofauti kati ya 1.05 na 0.95 ni jumla ya miraba ya umbali wa kila uwezekano kutoka 0.7, yaani 0.04 + 0.01 + 0 + 0.01 + 0.04 = 0.10. Kwa fomula, Σ ikiwa jumla, n idadi ya mayai na p̄ wastani wa uwezekano:

Σp(1 − p) = n·p̄(1 − p̄) − Σ(p − p̄)²

Sasa tuongeze mayai yawe 100, 20 kwa kila kundi. Wastani ni 70, varianzi 19, na kipeuo chake cha pili ni karibu 4.4. Mizunguko mingi ya kutotolesha ingeangukia kati ya vifaranga 61 na 79, yaani ndani ya mara mbili ya 4.4 kila upande wa 70.

Lakini daftari la mfugaji huweza kuonyesha 72, 68, kisha ghafla 33. Hapo sharti moja limevunjwa: kila yai lijitegemee. Umeme ukikatika, joto linashuka kwa mayai yote pamoja. Tuseme katika mzunguko mmoja kati ya kumi kukatika huko kunapunguza kila uwezekano kwa nusu. Mizunguko mizuri ina wastani wa 70, mibaya 35, na wa jumla unakuwa 66.5. Varianzi inaruka hadi karibu 130: 19.3 inatoka kwa mayai yenyewe, na 110.25 inatoka kwa umeme, yaani 0.9 × 0.1 × 35².

Kwa hiyo tofauti kati ya mayai ndani ya mzunguko mmoja hupunguza varianzi, na badiliko linaloyapata yote kwa pamoja huiongeza. Kukagua ni rahisi: kokotoa Σp(1 − p), kisha ilinganishe na varianzi ya mizunguko iliyoandikwa daftarini. Ya daftari ikizidi mara kadhaa, mizunguko ikiwa mingi ya kutosha, kurekebisha makadirio ya yai mojamoja hakutaziba pengo hilo. Kagua kipimajoto, unyevu na saa za kukatika kwa umeme.