Presha iliyopona yenyewe

Asanteni kwa kunikaribisha. Naanza na mgonjwa, na niseme mapema kwamba nimemuunga kutoka kwa wagonjwa kadhaa ili asitambulike yeyote. Tumwite Mzee. Ana miaka 63, na kwa miaka kumi alikuwa akimeza dawa za presha. Kisha presha ikaanza kushuka. Dawa moja ikapunguzwa, nyingine ikaondolewa, mwishowe zote zikaachwa. Nyumbani walifurahi sana. Lakini miezi ileile miguu yake ilianza kuvimba, ngazi chache zikamfanya aheme, akiinuka ghafla anaona kizunguzungu, na mkojo wake ulikuwa na povu zito linalokaa juu kama la sabuni.

Alipimwa moyo kwa mawimbi ya sauti, kipimo tunachokiita eko. Kuta za moyo zilikuwa na unene wa milimita 16, wakati kwa kawaida hazipiti kumi na moja hivi. Ripoti ikasema moyo umenenepa kwa sababu ya presha ya muda mrefu. Sikulaumu aliyeandika, kwa historia ile, wengi wetu tungeandika hivyohivyo.

Ila kulikuwa na karatasi nyingine kwenye faili, mchoro wa umeme wa moyo, na hizo mbili hazikuwa zinazungumza lugha moja. Moyo ulionenepa kwa presha ni msuli uliokua, na msuli mwingi hutoa umeme mwingi, kwa hiyo mawimbi kwenye mchoro huwa marefu. Ya Mzee yalikuwa mafupi, yametambaa karibu na mstari. Ukuta mnene, umeme kidogo. Maana yake ni kwamba kilichoujaza ukuta si msuli. Ni kitu kilichojipenyeza katikati ya seli za msuli, kikaufanya moyo uwe mgumu, ushindwe kulegea na kupokea damu. Moyo usiojaa hautoi damu ya kutosha, na kitu hichohicho kikiharibu neva zinazobana mishipa ya damu, presha hushuka. Presha ya Mzee haikupona. Ilikosa nguvu ya kupanda. (Msigeuze mchoro huu kuwa sheria, lakini. Wagonjwa wengi wa ugonjwa huu wana mchoro wenye mawimbi ya urefu wa kawaida.)

Kitu chenyewe kinaitwa amiloidi. Jina lilitoka kwa Rudolf Virchow mwaka 1854: aliona kinabadilika rangi kwa aidini kama wanga, akakiita kwa jina la wanga. Alikosea, ni protini, ila jina limebaki.

Protini hiyo inatoka wapi? Ndani ya uboho wa mifupa kuna seli za plazima, kazi yake kutengeneza kingamwili. Kila kingamwili imeungwa kwa minyororo mizito miwili na minyororo myepesi miwili, na myepesi ni ya aina mbili, kapa na lambda. Sasa seli moja ya plazima ikiharibika na kujizalisha, watoto wake wote hutoa mnyororo uleule mmoja, na mwingi wake hutoka peke yake bila kuungana na mzito. Kwa baadhi ya watu mnyororo huo una kasoro: haukai kwenye mkunjo wake. Unafunguka, unalala bapa, unabandikana na wenzake, tabaka juu ya tabaka, mpaka unakuwa uzi mgumu ambao mwili hauwezi kuuyeyusha kwa urahisi. Nyuzi hizo hutua kwenye moyo, figo, ini, neva, ulimi. Zaidi ya hayo, minyororo yenyewe ikiwa bado inaelea kwenye damu ni sumu kwa seli za moyo.

Hapa ndipo watu wengi hupotea. Wakisikia seli za plazima wanawaza saratani ya uboho yenye mifupa inayovunjika. Uboho wa Mzee ulikuwa na seli za plazima asilimia 8 tu, na mifupa yake ilikuwa mizima. Kundi dogo la seli, lakini bidhaa yake mbovu. Ndiyo maana mtu huyu haendi kwa daktari wa damu. Anaenda kwa wa moyo kwa sababu anahema, au kwa wa figo kwa sababu ya povu.

Povu lile lilikuwa albumini. Nyuzi zikitua kwenye chujio la figo, linavuja. Mzee alipoteza gramu 6 za protini kwa siku, wakati mtu mzima hapotezi hata robo ya gramu. Mtu asiye na kisukari, asiye na presha sasa, anavuja namna hiyo, na moyo wake mnene: viungo viwili vinavyougua pamoja bila sababu inayoeleweka. Hapo ndipo swali la seli za plazima linatakiwa kuulizwa.

Namna ya kuuliza ina mtego. Kipimo cha zamani cha kutenganisha protini za damu kwa umeme kilirudi safi kwa Mzee. Wengi huishia hapo. Minyororo myepesi ni midogo na huwa michache mno kuonekana kwenye kipimo hicho. Unahitaji vitu vitatu kwa pamoja: kipimo cha minyororo huru kwenye damu, na kipimo cha kuibana protini kwa kingamwili, kwenye damu na kwenye mkojo. Minyororo huru ya Mzee ilisoma kapa miligramu 14 kwa lita, lambda 412. Gawanya: 0.03. Kawaida ni kati ya 0.26 na 1.65. Mkiusoma uwiano huu kwa mtu mwenye figo zilizochoka, kumbukeni kwamba kapa hujikusanya zaidi na uwiano hupanda, hivyo lambda mbaya inaweza kujificha kwenye namba inayoonekana njema.

Je, tumemaliza? Bado. Wazee wengi wana kundi dogo la seli za plazima lisilowadhuru, na mzee anaweza pia kuwa na amiloidi ya moyo inayotokana na protini nyingine kabisa, ya kutoka kwenye ini, iitwayo transthairetini. Ukimpa huyo dawa za seli za plazima umemtesa bure. Kwa hiyo nyama lazima ipimwe. Tulimvuta Mzee mafuta kidogo chini ya ngozi ya tumbo kwa sindano, pamoja na kipande cha uboho. Hivyo viwili hutoa jibu kwa walio wengi bila kuugusa moyo. Vinapakwa rangi iitwayo nyekundu ya Kongo, na chini ya hadubini yenye mwanga wa polaraizi, amiloidi hung'aa kijani cha tufaha bichi. Kijani hicho kinasema ni amiloidi, hakisemi ya protini gani. Aina hutambuliwa kwa kuupima uzito wa vipande vya protini vyenyewe.

Ilikuwa lambda. Mzee alianzishwa daratumumabu pamoja na bortezomibu, siklofosfamidi na deksamethasoni, ambazo huzima kiwanda, yaani zile seli za plazima zinazotoa minyororo mibovu. Hazifuti nyuzi zilizokwisha kutua. Hizo mwili huziondoa polepole, pengine kwa mwaka na zaidi. Lambda ilishuka ndani ya wiki chache, lakini miguu iliendelea kuvimba kwa miezi. Tulikuwa tukimpa dawa ya kukojoa kwa tahadhari, maana ukimkausha kidogo tu anaanguka, na zile dawa za kawaida za kupunguza mapigo ya moyo tulizikwepa: moyo mgumu hauwezi kuongeza damu kwa kila pigo, unategemea idadi ya mapigo.

Kuna dada pale nyuma ameinua mkono. Anauliza kama povu kwenye mkojo wake linamaanisha ugonjwa huu. Pengine ni nguvu ya mkojo tu, dada. Likidumu siku nyingi, pima protini kwanza, kisha sukari na presha, kwa sababu hizo ndizo sababu za kila siku. Sukari na presha zikikutwa nzima na protini bado inavuja, usikubali kuambiwa usubiri; omba minyororo huru.