Pendekezo Lisilotokana na Vigezo

Mabibi na mabwana, maafisa wenzangu wa ununuzi wa Kisumu na kaunti jirani,

Jambo hili nimelisema katika vikao vingi, na leo nalirudia: anayeikagua ripoti ya tathmini asianze na ripoti yenyewe. Aanze na hati ya zabuni, kwa kuwa kifungu cha 80 cha Sheria ya Ununuzi wa Umma ya 2015 kinaitaka kamati itumie vigezo vilivyoandikwa humo, na si vingine.

Tuchukue mfano wa zabuni ya kujenga zahanati karibu na Ahero. Hati inasema kwamba mzabuni atakayepata alama 70 kati ya 100 za kiufundi ataingia hatua ya bei, na mwenye bei ya chini baada ya tathmini ndiye atakayepewa kazi. Mzabuni wa kwanza amepata alama 91 kwa bei ya shilingi milioni 8.6, wa pili 76 kwa milioni 7.9, na wa tatu, mwenye 64, ameondolewa. Majedwali yote ni sahihi. Hata hivyo, ukurasa wa mwisho unampendekeza wa kwanza "kwa kuwa ana uwezo mkubwa zaidi wa kiufundi".

Hapo ndipo ripoti inapovunjika. Alama za kiufundi zilikuwa za kuchuja tu, na kazi yake iliisha pale wawili hao walipovuka 70. Kuanzia hapo, 91 na 76 ziko sawa, na anayestahili ni wa pili.

Najua mtaniuliza: je, tumwache fundi bora kwa sababu ya shilingi laki saba? Ikiwa idara ilitaka ubora upimwe pamoja na bei, ilipaswa kuchagua njia ya kuomba mapendekezo, ambayo kifungu cha 86 kinaruhusu mshindi apatikane kwa jumla ya alama za ufundi na za fedha, na kutangaza uzito wa kila upande mapema. Ikiwa iliona 70 ni kidogo, ingeweka 80 kabla ya kutangaza zabuni. Wazabuni walipanga bei zao kwa kuyaamini masharti waliyosomewa. Kuyageuza baada ya bahasha kufunguliwa ni kuwadhulumu, na aliyedhulumiwa ana siku 14 za kuomba mapitio.

Ukigundua kasoro hiyo, usiirekebishe kwa kalamu yako. Mkuu wa ununuzi hutoa maoni ya kitaalamu chini ya kifungu cha 84, hatoi alama. Rudisha ripoti kwa kamati pamoja na maandishi yanayotaja kigezo, ukurasa na hitilafu, huku ukikumbuka kwamba tathmini haipaswi kuzidi siku 30.

Muda umenibana, kwa hiyo niyataje haya kwa ufupi. Linganisha bei iliyo katika ripoti na ile iliyosomwa siku ya ufunguzi, kwani kifungu cha 82 hakiruhusu ibadilishwe. Kisha ufungue karatasi ya alama ya kila mwanakamati, ukague jumla na wastani.